Jinsi ya Kuipa Kila Tovuti na Kila Mradi Anwani Yake ya Barua Pepe

Mtu anapopokea barua pepe ya kampuni ya mikopo ambayo hajawahi kuisikia, swali la kwanza analojiuliza ni moja tu: hawa watu wameipata wapi anwani yangu? Kwa kawaida swali hilo halijibiki, kwa sababu anwani ileile imekwisha kuandikwa kwenye maduka ya mtandaoni, fomu za semina, tovuti za kazi na akaunti za wateja, na hakuna alama yoyote inayotofautisha mlango mmoja na mwingine. Ukiipa kila tovuti anwani tofauti, barua yenyewe itakuja ikiwa imebeba jibu.

Njia za kufanya hivyo ambazo hazihitaji kufungua akaunti mpya ni mbili. Ya kwanza ni kuongeza alama ya kujumlisha na neno baada ya jina lako katika anwani uliyonayo tayari. Ya pili ni lakabu, yaani anwani isiyo na kisanduku chake, ambayo kazi yake ni kupeleka barua kwenye kisanduku kingine. Watu wengi huzichukulia kama njia mbili za kufanya jambo lilelile, lakini mimi huzitenganisha kwa kigezo kimoja. Anwani yenye alama ya kujumlisha haiwezi kuondoka mikononi mwako, ilhali lakabu inaweza kukabidhiwa mtu mwingine. Kwa hiyo ninatumia ya kwanza kwa tovuti ninazojisajili kama mimi binafsi, na ya pili kwa miradi ya wateja, ambayo siku moja lazima ibadilishe mikono.

Katika mifano nitaandika `jina@example.com` mahali pa anwani yako. Kikoa cha `example.com`, yaani sehemu iliyo baada ya @, kimetengwa maalumu kwa ajili ya mifano, hivyo usijaribu kukitumia kwa kazi halisi.

Kwanza, hakikisha kwamba huduma yako inaikubali alama ya kujumlisha

Sehemu ya anwani iliyo kabla ya alama ya @ hufasiriwa na seva inayopokea peke yake. Seva ya mtumaji haina ruhusa ya kuigusa wala kuipa maana. Ndiyo maana Gmail inaweza kuamua kwamba `jina+vitabu@example.com` na `jina@example.com` ni kisanduku kimoja, na mtumaji asihitaji kujua lolote. Gmail, Outlook.com, iCloud, Proton Mail na Fastmail zote hufanya hivyo. Yahoo ina utaratibu wake wa anwani za ziada unaotumia kistari, nao huandaliwa kwanza kwenye mipangilio. Ikiwa unatumia barua pepe ya ofisini, uamuzi ni wa anayesimamia seva.

Usikisie. Jitumie barua kwa anwani yenye neno lolote, kwa mfano `jina+jaribio@example.com`, na ikiwezekana itume kutoka akaunti nyingine. Ikifika, unaweza kuendelea. Ikirudi na ujumbe kwamba mpokeaji hayupo, ruka mpaka kwenye sehemu ya lakabu.

Kuchagua mkia

Neno linalofuata alama ya kujumlisha nitaliita mkia. Mkia hauandikishwi popote, kwani unaanza kuwapo pale unapouandika kwenye fomu. Uandike kwa herufi ndogo, tarakimu na kistari, pasipo nafasi wala herufi zenye alama. Usiwe mrefu pia, kwa kuwa sehemu yote iliyo kabla ya @ haitakiwi kuzidi herufi 64, na baadhi ya fomu hukata mapema zaidi bila kukuambia.

Kosa la kawaida ni kutumia jina la tovuti peke yake. Ukijisajili duka la vitabu kwa mkia `vitabu`, yeyote anayeijua tabia yako anaweza kubuni mkia huo, na barua yake ikaonekana kana kwamba imetoka dukani. Ongeza herufi au tarakimu mbili au tatu zisizo na maana, ili mkia uwe `vitabu-k7`. Herufi hizo ndogo ndizo zinazougeuza mkia kuwa ushahidi, kwa sababu ni vigumu mtu kuufikia ila kwa kuupata kutoka mahali ulipouandika.

Papo hapo unapojisajili, andika anwani kamili, pamoja na mkia, kwenye programu unayotumia kutunza manenosiri. Tovuti nyingi hutumia anwani kama jina la kuingilia, na kwao `jina+vitabu-k7` na `jina` ni watu wawili. Ukisahau mkia hutaweza kuingia, na hata ukiomba nenosiri jipya kwa anwani tupu utajibiwa kwamba hakuna akaunti ya namna hiyo. Kama umeshasahau, itafute barua ya kwanza ya kukaribishwa na tovuti hiyo na usome ilielekezwa kwa nani.

Sasa sharti ambalo bila hilo kazi yote inapungua nguvu: usiipe tovuti yoyote anwani tupu, isiyo na mkia. Sababu ni kwamba mkia unaondoleka kwa urahisi. Anayekusanya anwani ili aziuze anaweza kufuta kila kilicho kati ya alama ya kujumlisha na @ kwa amri moja fupi. Hapo utapoteza jina la aliyevujisha. Lakini kama anwani tupu wanayo ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzako tu, tangazo la biashara linaloingia kupitia anwani hiyo litajishtaki lenyewe kwamba mkia wake umekatwa.

Kichujio cha kila mkia

Katika Gmail, vichujio, yaani kanuni za kupanga barua zinapoingia, haviundwi kwenye programu ya simu. Fungua Gmail kwenye kivinjari, na kama una simu tu, mwambie kivinjari akuonyeshe ukurasa wa kompyuta. Ingia `See all settings`, kisha `Filters and Blocked Addresses`, kisha `Create a new filter`. Wengi huijaza sehemu ya `To`, na mara nyingi inatosha. Mimi hupendelea sehemu ya `Has the words`, ambako ninaandika hivi:

```
deliveredto:jina+vitabu-k7@example.com
```

Tofauti yake ni hii. Sehemu ya `To` huonyesha kile mtumaji alichoamua kionekane, na watumaji wa matangazo kwa umati mara nyingi huwaficha wapokeaji, hivyo anwani yako haipo hapo kabisa. `deliveredto` hufuata anwani ambayo barua ilifikishwa kwayo. Endelea hatua inayofuata, weka alama kwenye `Apply the label`, tengeneza lebo moja kama `Manunuzi`, na ukipenda chagua `Skip the Inbox` ili barua hizo zisichanganyike na za watu. Si lazima kila mkia uwe na lebo yake. Mikia yangu ya maduka yote inaingia lebo moja, kwa kuwa ninachohitaji kila siku ni utulivu, na jina la duka nitalisoma siku nitakapolihitaji.

Benki ninaishughulikia kinyume. Mkia wake haujaandikwa mahali pengine popote, na kichujio chake hakiruki kikasha bali kinaweka lebo ya rangi. Barua inayodai kutoka benki ikija bila rangi hiyo, sihitaji kuisoma ili kujua kwamba ni ya kitapeli, hata kama nembo na lugha vimenakiliwa vizuri. Rangi peke yake lakini haithibitishi kwamba barua ni ya kweli, maana mkia nao unaweza kuvuja.

Pale tovuti inapoikataa alama

Fomu nyingine husema anwani si sahihi mara tu unapoandika alama ya kujumlisha. Alama hiyo ni halali kabisa kwa kanuni za barua pepe, na kosa ni la aliyeandika fomu, lakini kubishana na fomu hakusaidii. Tumia lakabu.

Hatari zaidi ni fomu inayokubali mlangoni na kukataa ndani. Unaweza kujisajili vizuri, ukapokea barua ya kukaribishwa, kisha ukashindwa kuingia kwenye programu ya simu ya duka hilohilo, kwa kuwa programu iliandikwa na mtu mwingine mwenye kanuni zake. Kwa hiyo, baada ya kujisajili toka, ingia tena, na uombe nenosiri jipya mara moja kama jaribio, kabla hujaweka fedha au nyaraka huko.

Dalili ya tatu hujitokeza unapotaka kujiondoa kwenye orodha ya matangazo. Unabofya kiungo, nao ukurasa unasema anwani yako haimo, wakati barua zinaendelea kuja kila Jumatatu. Tazama kiungo chenyewe kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari. Baada ya alama ya kuuliza, seva nyingi huisoma alama ya kujumlisha kama nafasi tupu, hivyo zinamtafuta mtu anayeitwa `jina vitabu-k7`, ambaye kweli hayupo. Badilisha alama hiyo kwa mkono iwe `%2B`, kisha fungua tena:

```
https://duka.example/jiondoe?email=jina+vitabu-k7@example.com
https://duka.example/jiondoe?email=jina%2Bvitabu-k7@example.com
```

Mstari wa pili ndio unaofanya kazi. Hii imeniondoa kwenye orodha kadhaa ambazo nilikuwa nimezikatia tamaa.

Usisahau pia kwamba kuna siku utamtajia mhudumu anwani yako kwa simu. Niliwahi kusema "plasi" kwa mhudumu mmoja, naye akaandika `jinaplus` kama neno, na risiti zangu zikawa zinakwenda nisikokujua. Sasa ninasema "alama ya kujumlisha, ile ya hesabu", nikimwomba anisomee alichoandika.

Kusoma barua iliyovuja

Niliwahi kununua vitabu viwili vya watoto kwenye duka la mtandaoni, nikatumia mkia wake peke yake. Miezi minne baadaye iliingia barua ya mikopo ya haraka, yenye lebo ya `Manunuzi`. Lebo hiyo tu ilitosha kunishtua, kwa sababu tangazo la mikopo halikuwa na njia ya kuipata isipokuwa limepitia mkia wa duka fulani. Nilifungua menyu ya nukta tatu kwenye barua, nikachagua `Show original`, na kwenye vijajuu, yaani mistari ya maelezo inayotangulia barua yenyewe, nikakuta kitu cha namna hii:

```
Delivered-To: jina+vitabu-k7@example.com
From: Mikopo Chapuchapu <habari@mikopo.example>
To: wateja@mikopo.example
```

Zingatia kwamba mstari wa `To` hauna jina langu hata kidogo. Aliyeishia kusoma hapo asingejua lolote. Mstari wa `Delivered-To` ndio uliobeba mkia, na kama haupo, tazama mistari ya `Received`, kwani mara nyingi mmoja wao humalizikia na neno `for` likifuatwa na anwani iliyolengwa.

Niliwaandikia wenye duka. Jibu la kwanza lilikuwa la kawaida, kwamba wao hawauzi taarifa za wateja. Nilipowapelekea vijajuu na maelezo kwamba anwani hiyo haijaandikwa popote isipokuwa kwao, walirudi wakikiri kwamba orodha ya wateja walikuwa wamempa mkandarasi wa nje anayewatumia matangazo yao. Hapo ndipo ulipo mpaka wa mbinu hii. Mkia unakuonyesha mlango uliopitiwa, haukuonyeshi aliyepita. Duka linaweza kuwa limeuza orodha, limeibiwa, au limemwamini mtu asiyeaminika, na mkia utakuwa uleule katika hali zote tatu. Kwa hiyo barua ya malalamiko ieleze ulichokiona na iulize walioshirikishwa taarifa zako ni akina nani, badala ya kuanza na shutuma ya kuuza.

Kwa aliye Tanzania, malalamiko ya namna hiyo yana mahali pa kwenda, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliunda Tume yenye kazi hiyo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na kamishna wake. Hifadhi barua nzima pamoja na vijajuu vyake, kwa sababu picha ya skrini inayoonyesha maandishi ya tangazo pekee haina ule mstari wenye thamani.

Baada ya hapo badilisha anwani yako dukani iwe na mkia mpya, halafu uuwekee mkia wa zamani kichujio cha kufuta. Hili nalo ni pungufu la alama ya kujumlisha: barua za mkia uliovuja zitaendelea kufika kwenye seva, nawe unazitupa tu baada ya kufika. Mtumaji haambiwi kwamba mlango umefungwa.

Lakabu kwa ajili ya miradi

Tuchukue kazi halisi ya mtengenezaji wa tovuti. Umepata kazi ya kutengeneza tovuti ya shule ya awali mjini Tanga. Utahitaji kusajili kikoa, kununua nafasi kwenye seva, leseni ya mwonekano wa tovuti, na labda akaunti ya kupokea malipo. Ukizisajili zote kwa `jina+shule@example.com`, kazi itakwenda vizuri mpaka siku ya kukabidhi. Siku hiyo utagundua kwamba taarifa za kulipia kikoa zinakuja kwako milele, na kwamba kila akaunti inapaswa kubadilishwa moja moja, wakati mwingine na mtu ambaye hakumbuki aliingia na nini.

Lakabu inaondoa tatizo hilo, ila inakutaka uwe na kikoa chako mwenyewe. Nitakiita `karakana.example`. Kampuni nyingi za seva za kwetu hutoa paneli ya cPanel, nayo ina sehemu iitwayo `Forwarders`. Bofya `Add Forwarder`, andika `shule-tanga` kama jina la anwani, na chini yake andika kisanduku chako halisi ambako barua zipelekwe. Kuanzia hapo `shule-tanga@karakana.example` inapokea, ingawa haina kisanduku wala nenosiri. Ijaribu kwa kutuma barua kutoka akaunti isiyo yako, kwa kuwa Gmail ina tabia ya kutokuonyesha upya barua uliyojitumia mwenyewe na ikazunguka ikarudi, nawe ukadhani lakabu imeshindwa.

Tumia lakabu hiyo kwa kila kinachohusu mradi huo na usiitumie kwa kingine. Siku ya kukabidhi unarudi `Forwarders`, unaongeza njia ya pili inayopeleka barua kwa mwalimu mkuu, mnapokea nyote kwa mwezi mmoja wa mpito, kisha unafuta njia yako. Mwezi huo mmoja ndio wa kubadilisha akaunti zenyewe zisome anwani ya shule, kwa utulivu, huku kila barua ya uthibitisho ikimfikia anayetakiwa kuibofya. Jina la mmiliki wa kikoa kwa msajili nalo libadilishwe, kwani kuhamisha barua hakuhamishi umiliki.

Lakabu ikivuja, unaifuta. Kama mpangilio wa `Default Address` umewekwa kukataa barua za anwani zisizojulikana, mtumaji atapata kosa la 550 kwamba mpokeaji hayupo, jambo ambalo mkia hauwezi kulifanya.

Utashawishika kuuweka mpangilio huohuo upokee kila kitu kinachoelekezwa kwenye kikoa chako, ili usihitaji kuunda lakabu hata moja. Ninashauri usifanye hivyo, hasa kama barua zinapelekwa Gmail. Watumaji wa barua taka hubahatisha majina ya kawaida kama `info` na `admin`, na seva yako itakuwa inazisukuma zote kwenda Gmail kwa jina lake yenyewe. Baada ya muda Gmail itaanza kuishuku seva hiyo, na barua halali za wateja wako zitaanza kuangukia kwenye taka au kuchelewa. Kuunda lakabu moja kunachukua chini ya dakika moja.

Suala la kujibu lisikupite. Barua inaingia kwa lakabu, lakini ukibofya kujibu, Gmail itatumia anwani yako ya kawaida, na mteja ataihifadhi hiyo. Kwenye `Accounts and Import`, sehemu ya `Send mail as`, ongeza lakabu hiyo kama anwani ya kutumia, kisha uchague kujibu kutoka anwani ileile barua ilikotumwa. Gmail itakuomba taarifa za seva ya kutuma barua, kwa hiyo kwa lakabu ambayo utaijibia mara kwa mara ni afadhali kufungua kisanduku kamili kwenye cPanel. Lakabu za kupokea taarifa za malipo na leseni hazihitaji haya.

Kikoa kisife

Njia ya lakabu inaning'inia kwenye kikoa kimoja. Kikiisha muda na mtu mwingine akakisajili, atakuwa na uwezo wa kupokea barua za lakabu zako zote, zikiwamo zile za kuomba nenosiri jipya kwenye akaunti za miradi. Hatakuwa amevunja kitu chochote, amenunua tu kikoa kilichokuwa wazi. Kwa sababu hiyo, akaunti yako kwa msajili wa kikoa isiwe na anwani iliyo ndani ya kikoa hichohicho, maana tangazo la kwamba kinaisha litatumwa mahali palipokwisha kufungwa. Mimi nimeiandikisha kwa anwani ya Gmail yenye mkia wake, na kichujio cha mkia huo ni miongoni mwa vichache nisivyoviruhusu kuruka kikasha.